Mwongozo kamili: insha ya soko fanisi, na namna ya kupanga ushahidi wa maumbo yake matatu bila kuuchanganya

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya tarehe ya kuwasilisha, wanafunzi wa fedha hapa Lubumbashi wananiletea nizipitie insha zao juu ya soko fanisi, yaani nadharia inayosema kwamba bei za hisa zimeshabeba habari zilizopo. Ukurasa wa kwanza huwa mzuri: umbo dhaifu, umbo nusu-imara, umbo imara, kila moja na maana yake. Kuanzia ukurasa wa tatu mambo yanaharibika. Utafiti juu ya watu wa ndani ya kampuni unatumika kupinga umbo dhaifu, utafiti juu ya bei za zamani unatumika kutetea umbo imara, na mwishoni mwandishi anasema "ushahidi unagongana". Haugongani. Yeye ndiye aliyeutia wote katika sufuria moja.

"Yaya, si nimeweka tafiti kumi na tano?" mmoja aliniuliza, karatasi yake ikiwa na 9 juu ya 20. Ndiyo, aliziweka, ila hakuna hata moja iliyokuwa mahali pake. Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo tu: kila ushahidi uupeleke kwenye umbo unaoweza kulipima kweli.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kaye moja, yaani daftari, yenye ukurasa uliogawanywa safu nne: *utafiti*, *habari iliyotumika*, *umbo linalopimwa*, *kilichoonekana*.
- Tafiti sita au saba, zisizidi hapo. Ninazozitumia utazikuta ndani ya hatua.
- Bei za kufunga soko za hisa moja kwa siku 251, na fahirisi ya soko hilo hilo kwa siku hizo hizo.
- Kompyuta yenye Excel. Majina ya fomula hapa chini ni ya Excel ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za huku kwetu.

Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo bei utazitoa nje. Kampuni kadhaa zinazochimba Katanga zinauzwa huko: hisa za Ivanhoe Mines ziko Toronto, za Glencore ziko London. Lusaka iko karibu na inavutia, lakini ngoja usome onyo la hatua ya 3 kwanza.

## Hatua ya 1: Jiulize mtu ameshika habari gani

Usianze na maana ya kitabuni. Anza na watu watatu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, wanaotaka kutajirika kwa unga wa mahindi.

Wa kwanza ana kaye ya bei za mfuko wa kilo 25 za miaka miwili iliyopita. Anazitazama, anatafuta mtindo. Wa pili ana redio: akisikia kwamba Zambia imezuia mahindi kutoka, anakimbia kununua. Wa tatu ana shemeji dereva wa lori, aliyelala foleni mpakani Kasumbalesa na kumpigia simu usiku, kabla redio haijasema kitu.

Umbo dhaifu linasema wa kwanza hatapata faida ya ziada, kwa kuwa yote yaliyomo katika bei za zamani yameshaingia kwenye bei ya leo. Nusu-imara linasema hata wa pili hatapata: akifika sokoni, mama muuza unga naye ana redio, na mfuko umeshapanda hata kama ule ulio mbele yake aliununua juzi kwa bei ya zamani. Umbo imara linasema hata wa tatu hatapata.

Neno la kushika hapo ni *ziada*. Nadharia haisemi kwamba hakuna anayepata faida sokoni. Inasema hakuna anayepata zaidi ya malipo ya hatari aliyoibeba, baada ya kutoa gharama zake.

Kwa nini tuanze hapa: ukijua mtu ameshika habari gani, unajua ni umbo gani linapimwa. Hilo ndilo litakalojaza safu ya pili ya kaye yako.

Onyo: mfano wa unga ubaki kichwani mwako, usiuandike kama ushahidi. Unga una usafiri, ghala na ushuru. Profesa atakukata hapo hapo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchukua utafiti wowote na kusema kwa sentensi moja, "Hawa walijaribu kupata faida kwa kutumia ... tu."

## Hatua ya 2: Elewa kwamba maumbo yamebebana

Bei za zamani ni sehemu ya habari za wazi. Habari za wazi ni sehemu ya habari zote. Kwa hiyo maumbo haya si masoko matatu, ni madai yaliyoingia moja ndani ya jingine, kama sufuria za harusi zilizopangwa kabatini: imara ndiyo kubwa, nusu-imara iko ndani yake, dhaifu iko katikati kabisa.

Kutoka hapo zinakuja kanuni mbili ambazo karibu kila insha mbovu inazivunja. Ukilipinga umbo dhaifu, umeyapinga yote matatu, maana kama bei za zamani zinaleta faida ya ziada, basi habari za wazi nazo zinaileta. Lakini ukilitetea umbo dhaifu, hujasema lolote juu ya hayo mawili mengine. Vilevile, kulipinga umbo imara hakuligusi nusu-imara hata kidogo.

Andika kanuni hizo juu ya ukurasa wa kaye. Mwanafunzi anayeandika "watu wa ndani wanapata faida, kwa hiyo soko si fanisi" ameruka kutoka sufuria kubwa hadi ile ya katikati bila kugusa kitu.

## Hatua ya 3: Umbo dhaifu

Weka hapa tafiti zinazotumia bei za zamani tu. Mbili zinatosha kujenga mjadala.

Upande wa utetezi, Eugene Fama mwaka 1965 alipima hisa 30 za fahirisi ya Dow Jones: je, badiliko la bei la leo linahusiana na la jana? Akakuta uhusiano mdogo sana, karibu na sifuri. Upande wa upinzani, Jegadeesh na Titman mwaka 1993 walichukua hisa za Marekani za 1965 hadi 1989, wakanunua zilizopanda zaidi katika miezi 6 iliyopita, wakauza zilizoshuka zaidi, wakashikilia hivyo miezi 6. Ikatoka faida ya karibu asilimia 1 kwa mwezi.

Ona kwamba tafiti hizi hazigongani uso kwa uso. Fama alitazama siku kwa siku, hisa moja moja. Hao wengine walitazama miezi, tena makundi ya hisa. Ukiandika hivyo, tayari umewapita nusu ya wenzako darasani.

Profesa akitaka upime mwenyewe, weka bei safu ya B kuanzia B2, na badiliko la kila siku safu ya C kuanzia C3:

```
=(B3-B2)/B2
```

Shusha fomula hiyo hadi C252. Kisha linganisha kila siku na iliyofuata:

```
=COEFFICIENT.CORRELATION(C3:C251;C4:C252)
```

Hapo una jozi 249. Kipimo cha haraka ni 2 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 249, yaani karibu 0,127. Jibu likiwa kati ya -0,127 na 0,127, huna sababu ya kulikataa umbo dhaifu kwa hisa hiyo. Likitoka nje ya hapo, usishangilie bado.

Onyo la Lusaka: katika masoko madogo, hisa inaweza kupita siku kadhaa bila mtu kuinunua. Bei ya jana inaandikwa tena leo na kesho, badiliko linakuwa sifuri, halafu siku ya nne inaruka. Na fahirisi ikichanganya hisa zinazouzwa kila siku na hizo zilizolala, habari ya Jumatatu itaonekana nusu Jumatatu na nusu Jumatano. Excel itakuonyesha uhusiano mkubwa, nawe utaandika "soko hili si fanisi", kumbe umepima usingizi wa hisa. Dalili yake ni safu C iliyojaa sifuri. Hesabu hizo sifuri kwanza. Zikiwa nyingi, badilisha hisa au tumia bei za wiki.

Umefaulu ikiwa: sehemu hii haina hata utafiti mmoja unaotaja matokeo ya kampuni, matangazo au wakurugenzi.

## Hatua ya 4: Umbo nusu-imara, kwa namba

Hapa swali ni kasi: habari ikitoka hadharani, bei inafika mahali pake mara moja, au inajivuta na kumwachia mtu wa redio nafasi ya kula?

Njia ya kawaida ni kufuatilia bei kuzunguka tukio. Fama, Fisher, Jensen na Roll waliifanya mwaka 1969 kwa migawanyo 940 ya hisa, yaani hisa moja kukatwa kuwa kadhaa ndogo, katika soko la New York kati ya 1927 na 1959. Kwa wastani bei zilipanda kuliko kawaida katika miezi mingi kabla ya mgawanyo, na baada yake zikatulia. Aliyenunua baada ya mgawanyo hakupata ziada.

Njia hii inaeleweka vizuri ukiifanya kwa mkono. Tuchukue kampuni ya kujitungia yenye mgodi Katanga, inayouzwa nje, iliyotangaza kwamba maji yamejaa mgodini na uzalishaji umesimama. Kwa bei za miezi iliyopita tumekadiria kwamba soko likienda asilimia 1, hisa hii huenda asilimia 1,2. Basi badiliko tunalolitarajia ni 1,2 mara badiliko la soko, na kinachozidi au kupungua hapo ndicho kisicho cha kawaida.

| Siku | Soko | Kilichotarajiwa | Hisa | Kisicho cha kawaida |
|---|---|---|---|---|
| -1 | +0,5 | +0,6 | -1,4 | -2,0 |
| 0 | -1,0 | -1,2 | -9,2 | -8,0 |
| +1 | +1,0 | +1,2 | +1,3 | +0,1 |
| +2 | -0,5 | -0,6 | -0,7 | -0,1 |

Jumla ni -10,0. Wengi wanaishia hapo: "hisa ilianguka asilimia 10, kwa hiyo soko ni fanisi." Jumla hiyo haisemi lolote juu ya ufanisi. Tazama siku ya +1 na +2: karibu sifuri. Aliyesikia tangazo na kuuza asubuhi iliyofuata hakuokoa kitu. Hapo ndipo umbo nusu-imara linapotetewa. Kama ingekuwa -2 na -1,5, na hivyo hivyo katika kampuni nyingi, lingekuwa limepata pigo.

Siku ya -1 iweke pembeni, tutairudia katika hatua ya 5.

Kuna na mpaka usioweza kuuruka. Pima hisa hii huyumba kiasi gani siku za kawaida. Tuseme ni asilimia 2 hivi. Basi -8,0 ni mara nne ya kawaida yake, hilo ni tukio. Lakini -2,0 ni myumbo wa siku yoyote. Ndiyo maana watafiti wanakusanya mamia ya matukio na kuchukua wastani, ili kuyumba kwa huyu kufute kuyumba kwa yule. Kampuni moja ni mfano tu, na uiite mfano ndani ya insha yako.

Upande wa upinzani, tumia mteremko unaofuata matokeo ya faida. Bernard na Thomas mwaka 1989 walionyesha kwamba kampuni zilizotangaza matokeo mazuri kuliko ilivyotarajiwa ziliendelea kupanda, na zenye matokeo mabaya ziliendelea kushuka, kwa siku 60 hivi za soko baada ya tangazo. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mgumu kuliko yote katika sehemu hii, kwa sababu habari ilikuwa wazi na tarehe yake inajulikana. Upe aya nzima.

Umefaulu ikiwa: kila utafiti hapa una tarehe ya tangazo, na wewe unazungumzia kilichotokea *baada* ya tarehe hiyo.

## Hatua ya 5: Umbo imara, na kisa cha chombo kilicholipuka

Tarehe 28 Januari 1986, kabla ya saa sita mchana kwa saa za New York, chombo cha anga cha Marekani Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka. Kampuni kubwa nne zilizohusika na mradi huo zilikuwa na hisa sokoni: Lockheed, Martin Marietta, Rockwell na Morton Thiokol. Siku hiyo hakuna aliyetangaza nani mwenye kosa. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwezi wa Juni, ikataja kiungio chenye pete za mpira katika roketi zilizotengenezwa na Morton Thiokol.

Soko halikungoja Juni. Maloney na Mulherin, katika utafiti wao wa 2003, walionyesha kwamba jioni ya siku ile ile Morton Thiokol ilikuwa imeanguka karibu asilimia 12, na zile tatu karibu asilimia 3 tu.

Wanafunzi wanakimbilia kuandika: "Bei ilijua siri, kwa hiyo umbo imara limethibitishwa." Punguza mwendo. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa Thiokol walishauri chombo kisiruke kwa sababu ya baridi, na wakuu wao wakageuza uamuzi. Yaani wasiwasi juu ya pete hizo ulikuwepo ndani ya kampuni *kabla* ya mlipuko. Kama umbo imara lingekuwa kweli tupu, wasiwasi huo ungekuwa umeingia kwenye bei tayari. Anguko lilikuja baada ya mlipuko. Kisa kimoja kinakupa pande mbili: baada ya mlipuko, soko lilikisia kwa haraka ya kutisha jambo ambalo tume ilihitaji miezi kulitamka; lakini kabla ya mlipuko, walichokijua watu wachache hakikuwa kimefika sokoni. Profesa atakayekupinga anaweza kusema wasiwasi si uhakika. Jibu hilo liweke mwenyewe ndani ya insha kabla yeye hajalisema.

Sasa irudie siku ya -1. Tuseme kwamba katika mamia ya matangazo siku iliyotangulia huwa inaonyesha -2 kwa wastani. Wanafunzi wanaona: "bei ilishuka kabla ya habari, soko lina nguvu." Kinyume chake. Umbo imara lingedai -10 zote ziwe zimeingia kabla. Ikiwa zimeingia 2, aliyeuza siku ya -1 kwa kujua alikwepa 8 zilizobaki. Huyo ndiye shemeji wa dereva, na amekula.

Utafiti wa Jensen wa 1968 ndio unaopotezwa mahali mara nyingi. Alipima mifuko 115 ya uwekezaji ya Marekani, 1945 hadi 1964, akakuta kwamba kwa wastani, baada ya gharama, ilipata karibu asilimia 1,1 pungufu kwa mwaka kuliko hatari yake ilivyostahili. Katika makala yake ya 1970 Fama aliuweka chini ya umbo imara, akiona wasimamizi wa mifuko kama watu wanaoweza kuwa na habari za pekee. Mimi ninauona dhaifu hapo: wengi wao walikuwa wakisoma taarifa zilizo wazi kama wewe na mimi, ila kwa bidii zaidi. Uweke chini ya imara ukitaka, lakini andika sentensi moja inayosema kwamba unaweza kusomwa pia kama utetezi wa nusu-imara. Sentensi hiyo moja huwa inaleta alama.

## Hatua ya 6: Aya ambayo karibu hakuna anayeiandika

Rudi kwenye jedwali. Ile 1,2 tuliikadiria. Kama ingekuwa 2, tungetarajia -2,0 siku ya tangazo, na kisicho cha kawaida kingekuwa -7,2 badala ya -8,0. Siku ya +1 tungetarajia +2,0, hivyo +0,1 ingekuwa -0,7: ghafla inaonekana bei bado inateremka. Bei ni zile zile, ila hukumu imegeuka.

Ndiyo maana huwezi kamwe kupima ufanisi peke yake. Unapima vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kwamba soko ni fanisi, *na* kwamba kipimo chako cha hatari ni sahihi. Matokeo yakiwa mabaya, hujui kipi kimevunjika. Fama mwenyewe ameshikilia hoja hii. Ile asilimia 1 ya Jegadeesh na Titman inaweza kuwa kosa la soko, au malipo ya hatari ambayo kipimo hakikuiona.

Aya hii iweke baada ya ushahidi wote na kabla ya hitimisho. Ukiiweka mwanzoni, msomaji anaisahau. Onyo: usiitumie kama kisu cha kukatia kila upinzani. Mteremko wa siku 60 ambao Bernard na Thomas waliuona baada ya matokeo ni mgumu kuuita hatari, na useme hivyo.

## Hatua ya 7: Kuandika na kukagua

Kila aya ya ushahidi iende kwa mpangilio huu: habari iliyotumika, kilichofanywa, kilichoonekana, umbo linaloguswa, na mpaka wake. Hii ni sentensi halisi ya mwanafunzi, kabla:

*"Tafiti nyingi zinaonyesha watu wanapata faida sokoni, kwa hiyo nadharia ina mapungufu."*

Na baada ya kukaa naye nusu saa:

*"Kwa kutumia tangazo la faida ambalo kila mtu angeweza kulisoma, Bernard na Thomas (1989) walikuta bei zikiendelea kusogea kwa siku 60 hivi. Hili linagusa umbo nusu-imara, na pamoja nalo umbo imara. Haliligusi umbo dhaifu."*

Hitimisho lako lisiwe "soko ni fanisi" wala "si fanisi". Toa hukumu tatu, moja kwa kila umbo, kila moja na soko lake na kipindi chake. Ukibaki na nafasi, ongeza hoja ya Grossman na Stiglitz ya 1980: kama bei zingekuwa na kila habari tayari, hakuna ambaye angelipa gharama ya kuitafuta, na kama hakuna anayeitafuta, haiwezi kuingia kwenye bei.

Kisha chapisha kopi moja, futa vichwa vya sehemu kwa biki, na mpe rafiki asiyesoma fedha. Mwambie aandike pembeni mwa kila aya: *kaye*, *redio*, au *shemeji*. Aya atakayoshindwa kuiwekea neno ndiyo ya kuandika upya usiku huo.